Naomba ushauri: dakika 10 mbele ya jopo la intavyuu

Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimeitwa intavyuu ya afisa uvuvi hapa Lamu, na jopo linataka kila mmoja awasilishe kwa dakika 10: utapunguzaje samaki wanaoharibika kabla ya kufika sokoni?

Nimepanga hivi. Dakika ya kwanza natoa jibu moja kwa moja: nitaanza na barafu Kizingitini, samaki wapozwe tangu chomboni. Dakika 2 hali ilivyo, 5 mpango wa miezi mitatu ya kwanza, 1 gharama na kinachoweza kukwama. Ya mwisho nimeiacha wazi, maana mbele za watu mtu hupitiliza. Slaidi 5 tu.

Kinachonila muda ni hiyo hali ilivyo. Nikigusa kusi, mashua na madalali, dakika 4 zimekwisha na mpango sijaugusa. Na wanajopo wengi ni wa hapahapa, haya wanayajua! Niikate ibaki picha moja na takwimu moja?

Halafu nikikatizwa na swali katikati, nijibu papo hapo au niombe kulijibu mwishoni? Aliyewahi kukaa upande wa jopo anieleze, hasa alama zinavyotolewa.