Namba zangu za mgawanyo wa kawaida zimekaa upande, naomba ushauri

Mshale_3: Wakuu, nachukua namba sare kati ya 0 na 1, nazigeuza kuwa jozi ya namba za kawaida, x na y, kwa njia ya Box na Muller ya 1958. Wastani wa y unagoma kwenye 0.3 badala ya sifuri. Nimeshaendesha majaribio wiki mbili. Nikitoa 0.3 kila mahali, si itatosha?

Kifaru: Mimi yangu ilikufa kabisa usiku. Namba ilitoka 0, na logi ya sifuri haipo. Weka 1-u, utalala.

BiTuma: Mdogo wangu, usikarabati jibu kabla hujajua kosa. Weka kodi hapa.

Mshale_3: Kodi haina shida, lakini haya:

```
u = random()
r = sqrt(-2*log(u))
x = r*cos(2*pi*u)
y = r*sin(2*pi*u)
```

Nimetumia u moja kubana muda. Rediasi ikipimwa peke yake iko sawa, pembe nayo iko sawa.

Jembe: Umesahau kuzidisha kwa r. Kubadili vigeu kwenda kwenye rediasi na pembe lazima kuwe na r.

BiTuma: Jembe, r hiyo inakaa kwenye eneo, si kwenye kodi. Kipande kidogo cha eneo ni r·dr·dθ, na ndiyo sababu r²/2 inafuata mgawanyo wa kipeo na logi inatosha kuitoa. Njia yenyewe inataka namba sare mbili huru, u1 ya rediasi na u2 ya pembe. Rudi kinyume uone: u1 = e^(-(x²+y²)/2), na u2 ni pembe kugawa kwa 2π. Jakobiani yake, ukiacha alama, ni e^(-(x²+y²)/2)/2π. Inapasuka vipande viwili, kimoja cha x tu, kingine cha y tu. Hapo ndipo uhuru unapotoka. Lakini kwa u moja huna eneo la kubadilisha, una mstari tu.

Jembe: Sawa, hapo nimekuelewa.

Dira: Samahani, hii nanusa ni swali la mtihani. Nani anaendesha wiki mbili bila kuchora nukta zake?

Mshale_3: Si mtihani, ndugu. Nimechora sasa hivi, ni mzingo kama konokono. u=0.1 inatoa (1.736, 1.261), u=0.9 inatoa (0.371, -0.270).

Dira: Basi nimekukosea. Konokono huyo hatungwi.

BiTuma: Umeona? u ndogo inaleta rediasi kubwa, na pembe yake daima iko nusu ya juu ya duara. Ndiyo maana y inapanda. Ukitoa 0.3 unamsogeza konokono, humwondoi. Chukua u1=0.5 na u2=0.125: r ni 1.177, pembe nyuzi 45, x na y zote 0.833.

Kifaru: Na 1-u usisahau.

Mshale_3: Ila majaribio yaliyotumia x peke yake, hayawezi kubaki?

BiTuma: Chora histogramu ya x kwanza, uilete hapa.