Jumla ya Excel haikubaliani na salio la leja, namba zenye alama ya kutoa nyuma hazihesabiwi

Binti_Leja
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada, nimekaa na hili tangu asubuhi.

Nashughulikia akaunti za wateja kwenye kampuni ya usambazaji. Kila mwisho wa mwezi natoa taarifa ya mteja kutoka mfumo wa uhasibu kama faili la CSV, nalifungua kwa Excel, napiga jumla, kisha namtumia mteja. Leo jumla yangu na salio la mfumo vimepishana vibaya. Mteja huyu ana mistari 6 tu, nainakili kama ilivyo:

```
Ankara         4,250,000.00
Ankara         1,180,000.00
Krediti noti     310,000.00-
Ankara         2,640,000.00
Malipo         3,000,000.00-
Krediti noti      45,500.00-
```

Mfumo unasema anadaiwa 4,714,500. Excel kwa SUM inaniambia 8,070,000. Hakuna ujumbe wowote wa kosa. Nimeangalia fomula, inaanza mstari wa kwanza hadi wa mwisho, F2 hadi F7. Shida ni nini?

Mzee wa Kibubu
Pole dada. Hiyo alama iko nyuma ya namba badala ya mbele, ndiyo maana Excel haiielewi. Dawa ni rahisi: bonyeza Ctrl+H, kwenye Find what andika -, kwenye Replace with acha wazi, halafu Replace All. Zote zitageuka namba na SUM itazihesabu.

Binti_Leja
Asante mzee wangu. Nimefanya, sasa jumla imekuwa 11,425,500. Imezidi kuliko mwanzo!

Nyasa_Hesabu
Binti, rudisha kwa Ctrl+Z kabla hujahifadhi. Mzee amepatia chanzo, lakini dawa yake imefuta alama yenyewe, kwa hiyo malipo na krediti noti zako zimegeuka kuwa madeni.

Tazama tofauti zako, zinaeleza kila kitu. Mara ya kwanza 8,070,000 ukitoa 4,714,500 unapata 3,355,500. Jumlisha mistari yako mitatu yenye alama nyuma: 310,000 na 3,000,000 na 45,500. Ni 3,355,500 ile ile. Maana yake SUM iliiruka yote mitatu, kwa sababu kwake hayo ni maandishi, na SUM ikikuta maandishi ndani ya eneo ulilolitaja inayapita kimya kimya. Baada ya Ctrl+H tofauti imekuwa 6,711,000, yaani mara mbili ya 3,355,500. Siku nyingine ukiona tofauti ni mara mbili ya kitu unachokijua, jua kuna alama imegeuzwa.

Ungeandika F2+F4 badala ya SUM, ungepata #VALUE! na ungeshtuka mapema. Ukimya wa SUM ndio unaoumiza watu. Kabla ya kuamini jumla yoyote, weka hizi mbili pembeni:

```
=COUNT(F2:F7)
=COUNTA(F2:F7)
```

Ya kwanza inahesabu namba tu, ya pili inahesabu kila seli yenye kitu. Kwako zitatoka 3 na 6. Zikipishana, usitume kitu kwa mteja.

Kurekebisha: chagua kolamu ya kiasi peke yake, nenda Data, Text to Columns. Chagua Delimited, Next, halafu hakikisha Comma HAIJAWEKWA tiki, la sivyo 310,000.00- itakatwa vipande kwenye koma na kumwagika kolamu za jirani. Next tena, bonyeza Advanced, utaona Trailing minus for negative numbers. Kwa kawaida iko na tiki tayari. OK, Finish. Inafanya kolamu moja kwa wakati mmoja, kwa hiyo kama una kolamu ya VAT, rudia.

Mwanaburundi
Jamani mie niko Bujumbura, tatizo langu ni hilo hilo lakini namba zinatoka 310.000,00- nukta na koma zikiwa zimebadilishana. Nikifuata hatua hizo si zitaharibika? Na je, kuna namna ya kuzionyesha ndani ya mabano mekundu?

Nyasa_Hesabu
Ndugu, kwenye dirisha hilo hilo la Advanced kuna Decimal separator na Thousands separator. Weka koma kwenye ya kwanza na nukta kwenye ya pili, kulingana na jinsi faili lilivyoandikwa. Mabano mekundu ni suala la sura tu, na maandishi hayapokei sura ya namba. Geuza kwanza, urembo baadaye.

Binti_Leja
Kaka Nyasa, nimefuata hatua kwa hatua. Jumla sasa ni 4,760,000. Tumekaribia sana lakini bado!

Mama Hesabu
Mwanangu, 4,760,000 ukitoa 4,714,500 ni 45,500. Ni krediti noti yako ya mwisho. Hiyo seli bado imeegemea kushoto, sivyo? Andika =LEN(F7) uone ina herufi ngapi.

Binti_Leja
Kweli mama, iko kushoto. Inasema 11. Lakini 45,500.00- nikihesabu kwa kidole ni 10.

Mama Hesabu
Basi kuna nafasi iliyojificha nyuma ya alama. Mara nyingi ni ile nafasi yenye msimbo namba 160, ambayo TRIM peke yake haiiondoi. Mimi nimeshaacha Text to Columns kwa ripoti za kila mwezi, nina kolamu mbili za kudumu, G ya kusafisha na H ya kugeuza:

```
G2: =TRIM(SUBSTITUTE(F2,CHAR(160),""))
H2: =IF(RIGHT(G2,1)="-",-VALUE(LEFT(G2,LEN(G2)-1)),VALUE(G2))
```

Vuta hadi chini, jumlisha H. F iache ilivyo, mkaguzi akija aone kilichotoka kwenye mfumo.

Binti_Leja
4,714,500!! Asanteni sana. Mama, shikamoo.

Mama Hesabu
Marahaba. Jihadhari na akaunti za wauzaji pia. Huko ankara ndizo zinazotoka na alama nyuma, kwa kuwa ni deni letu. SUM ikiziruka, utaona malipo tu.

Mzee wa Kibubu
Nimejifunza. Lakini kwa nini mfumo uandike alama nyuma? Si waambiwe waliouweka warekebishe?

Nyasa_Hesabu
Ni mazoea ya zamani mzee. COBOL, lugha iliyotumika kuandika programu nyingi za hesabu, inaruhusu alama ichapishwe mwisho wa tarakimu, na kwenye ripoti za karatasi ilikuwa inasomeka vizuri. Mifumo kadhaa imeendelea hivyo. Wakati mwingine mfumo huo huo ukiuomba faili la xlsx badala ya maandishi, unatoa namba kamili. Binti, jaribu hilo kwanza.

Mama Hesabu
Mimi hapo sikubaliani sana. Kwetu walibadilisha mpangilio, toleo jipya likaurudisha kama zamani na hakuna aliyegundua. COUNT na COUNTA zibaki hata kama faili ni xlsx.

Binti_Leja
Nitajaribu yote mawili. Ila kuna jambo linaninyima raha. Nimefungua taarifa ya mwezi uliopita ya mteja huyu huyu, COUNT ni 4 na COUNTA ni 5. Ilishatumwa. Natuma nyingine yenye masahihisho leo, au namwambia bosi kwanza?

Mama Hesabu
Bosi kwanza, usiku huu huu. Na wateja wengine wa mwezi ule umeshawaangalia?

Binti_Leja
Bado. Wako 43. Naanza sasa.