Naomba ushauri: matangazo yanalipwa leo, wateja wanalipa baada ya miezi miwili

Ndugu wanachama, salaam kutoka Lubumbashi. Ninashona sare za kazi kwa ajili ya kampuni ndogo zinazohudumia migodi, na wateja wapya huwapata kupitia matangazo ya Facebook.

Ninatumia dola 15 kwa siku, na kila deni linapofika dola 60 kadi yangu hukatwa, yaani kila baada ya siku 4. Mteja anayeona tangazo huchukua kama siku 14 kuagiza, kushona huchukua siku 6, kisha hulipa siku 60 baada ya fakitura. Kwa hiyo pesa ya tangazo la leo hurudi baada ya siku 80, wakati nimeshatoa dola 1,200, bila kuhesabu vitambaa. Mwezi uliopita kadi ilikuwa tupu, malipo yakakataliwa, na matangazo yakasimama siku ileile mteja alipokuwa akiniomba bei ya sare 40.

Nimejaribu kuomba malipo ya awali ya 30%. Wateja wadogo walikubali, lakini wakubwa, ambao ndio wanaochelewa zaidi, walikataa.

Naomba kuuliza: je, bajeti ya matangazo niipange kwa pesa iliyokwisha kuingia mwezi uliotangulia, au nitenge kwanza akiba ya siku 80? Na punguzo la 2% kwa anayelipa ndani ya siku 10, je, huwashawishi kweli wateja wakubwa?