Miezi 2 ya dawa za TB na slaidi bado inaonyesha bakteria: je, dawa hazifanyi kazi?

DadaWaHuruma

Hamjambo wanajukwaa. Naomba ushauri kuhusu mdogo wangu mwenye umri wa miaka 24, ambaye ni kondakta wa matatu hapa Nairobi. Alipogunduliwa kuwa na kifua kikuu cha mapafu, mashine ya GeneXpert ilionyesha kwamba bakteria wapo na hawana usugu dhidi ya rifampisini, na slaidi ya makohozi ya siku hiyohiyo ilisomwa 3+. Alianzishiwa vidonge vyenye dawa 4 ndani yake. Mimi mwenyewe humtazama akivimeza kila alfajiri kabla ya chai, kwa hiyo nina hakika hajaruka hata siku moja. Homa iliisha katika wiki ya 3, jasho la usiku likakoma, na uzito wake umepanda kutoka kilo 48 hadi kilo 53.

Juma lililopita alitimiza miezi 2 akapimwa tena, na karatasi ya maabara imeandikwa kwamba wameonekana bakteria wachache, 6. Muuguzi wa kliniki ya kifua amesema aendelee na dawa, na amechukua makohozi mengine ili yapimwe usugu na kuoteshwa. Mdogo wangu sasa ana hoja mbili ambazo kwangu zinapingana. Asubuhi husema kwamba ikiwa bakteria bado wapo, basi dawa ni bure. Jioni husema kwamba ikiwa anaweza kusimama mlangoni mwa gari kutwa nzima bila kuchoka, basi miezi 4 iliyobaki haina kazi. Sina la kumjibu kwa yote mawili, na ninaogopa ataacha.

Mwalimu_Kariokor

Binti yangu, nimefundisha biolojia kwa miaka mingi na nitakueleza nijuavyo. Bakteria wa TB amevaa koti la nta. Nta haipatani na maji, na dawa husafirishwa kwa damu ambayo kwa sehemu kubwa ni maji, kwa hiyo dawa hupenya koti hilo kidogokidogo sana. Miezi 6 ni muda unaohitajika ili nta iishe na dawa ifike ndani. Hao 6 walioonekana ndio wenye nta nene kuliko wenzao, nao wangali hai. Mwambie kijana asiwaachie nafasi.

Hadubini_Eastlands

Mwalimu, kwa heshima zote, habari ya nta ni ya kweli, ila hitimisho lako kuhusu hao 6 siwezi kulikubali, na dada huyu atapata hofu isiyo na msingi. Mimi husoma slaidi hizi kila siku ya kazi, hivyo naomba nieleze jinsi slaidi yenyewe inavyotengenezwa, kwa maana jibu limo humo.

Tunapaka makohozi kwenye kioo, tunayakausha na kuyashikiza kwa moto. Kisha tunafunika kioo kwa rangi nyekundu iliyochanganywa na fenoli, na kukipasha kutoka chini mpaka mvuke uonekane, bila kuchemsha, halafu tunakiacha kwa dakika 5. Joto na fenoli ndivyo vinavyoipitisha rangi katika ukuta wenye nta, kwa sababu rangi ya kawaida haiingii kwa urahisi. Baada ya kusuuza tunamwaga alkoholi yenye asidi. Bakteria wengine karibu wote na seli za mgonjwa hupoteza ule wekundu, lakini bakteria wa TB huushikilia, kwani asidi za mikoli zilizomo ukutani mwake ni minyororo mirefu mno, yenye kaboni 60 hadi 90, na iliyosongamana. Mwisho tunaweka rangi ya buluu ili vijiti vyekundu vijitokeze. Njia hii ina majina ya Wajerumani wawili, Ziehl na Neelsen, walioiboresha muda mfupi baada ya Koch kutangaza bakteria huyu mwaka 1882.

Sasa angalieni kinachopakwa rangi. Ni ukuta. Bakteria akifa, ukuta wake hauozi siku hiyo, bali hubaki kama ganda la konokono baada ya konokono kufa, na ganda hilo likiwa zima hushika rangi kama la aliye hai. Hadubini yangu haina namna ya kuwatofautisha. Kwa hiyo mtu anayeendelea vizuri anaweza kukohoa mizoga kwa wiki kadhaa, na slaidi ikasomeka kuwa ina bakteria. GeneXpert nayo ina udhaifu wa namna hiyo, kwa sababu hutafuta vinasaba, na vinasaba vya aliyekufa hubaki. Ndiyo maana hatuitumii kuamua kama dawa zinaua. Makohozi yakirudishwa kwenye mashine hiyo sasa, tunachotaka kujua ni sehemu ya usugu peke yake.

Halafu dada, linganisha namba zako. Alama ya 3+ maana yake ni zaidi ya bakteria 10 katika kila eneo moja ninalotazama, yaani zaidi ya 1000 katika maeneo 100. Hao 6 ni jumla ya maeneo 100 yote. Ameshuka kutoka zaidi ya 1000 hadi 6, na aliyeanza na 3+ mara nyingi huchelewa kusafika kuliko aliyeanza na wachache. Sisemi kwamba wote 6 wamekufa. Nasema slaidi haiwezi kuniambia.

Msomaji_Kayole

Mbona mnamchosha kijana kwa miezi 6? Mimi nilipewa dawa za TB mara moja kwa wiki kwa miezi 3 tu, nikamaliza na niko salama hadi leo. Aombe hizo.

Hadubini_Eastlands

Ndugu, je, ulikuwa unakohoa, au ulipewa dawa hizo kwa sababu mtu wa nyumbani mwako alikuwa mgonjwa?

Msomaji_Kayole

Mke wangu ndiye aliyekuwa mgonjwa. Mimi sikuwa na dalili yoyote.

Hadubini_Eastlands

Basi ulipewa kinga. Wewe ulichukuliwa kuwa huenda una bakteria wachache waliolala mwilini, ilhali kijana huyu alikuwa na mapafu yaliyojaa mamilioni kwa mamilioni. Tafadhali usimpendekezee mtu mgonjwa dawa hizo, kwa kuwa ni aina mbili tu, na akiwa na bakteria wengi namna hiyo zinaweza kuzaa usugu.

DadaWaHuruma

Nimemsomea maelezo ya slaidi na ametulia kuhusu hoja ya kwanza. Lakini ameikamata ya pili kwa nguvu zaidi: anasema ikiwa huenda hao ni mizoga, basi amekwisha kupona.

Hadubini_Eastlands

Hapo ndipo slaidi inapokosa uwezo upande wa pili. Ili nione bakteria, panahitajika kama 5,000 hadi 10,000 katika mililita moja ya makohozi. Hata ningemwandikia kwamba hakuonekana hata mmoja, bado wangeweza kuwepo 3,000 katika kila mililita. Slaidi chanya haithibitishi uhai, na slaidi hasi haithibitishi kwamba wameisha.

Kuhusu muda, Mwalimu alikaribia jibu lakini akaubebesha ule ukuta mzigo wote. Ni kweli ukuta huo huzuia dawa nyingi, na ni sababu mojawapo ya antibiotiki kadhaa za kawaida kutofaa. Ila dawa za TB zilichaguliwa kwa sababu zinaingia. Isoniazidi huingia vizuri, na kazi yake ni kuzuia utengenezaji wa hizo asidi za mikoli, yaani humnyima bakteria nta anayoihitaji anapojenga ukuta mpya. Huua kwa kasi kubwa katika siku chache za mwanzo, na ndiyo sababu mgonjwa hupata nafuu mapema.

Lakini mtu asiyejenga hadhuriki akinyimwa saruji. Bakteria wa TB, hata akiwa na nguvu, hugawanyika mara moja katika saa 15 hadi 20 hivi, wakati bakteria wa kawaida wa utumbo anaweza kugawanyika kila dakika 20. Na wapo wengine, katika vidonda vya mapafu au ndani ya seli za kinga, ambao karibu hawagawanyiki kabisa. Hao isoniazidi huwapita tu. Pirazinamidi huwafuata baadhi yao mahali penye asidi, na rifampisini huwapata wale wanaoamka kwa muda mfupi kisha wakalala tena. Miezi 4 iliyobaki ni ya kuwasubiri hao waliolala, kundi baada ya kundi, na hawaamki kwa siku moja.

Zamani_Dandora

Mimi niliacha katika mwezi wa 3. Nilikuwa nimenenepa, mkojo wenye rangi ya machungwa ulikuwa ukinitia aibu kazini, na sikuwa na kikohozi. Baada ya miezi 5 kikohozi kilirudi, safari hii na damu. Bahati yangu ni kwamba vipimo havikuonyesha usugu. Nilianza tena siku ya kwanza, vidonge vyote, na pafu la kushoto halijarudi kama lilivyokuwa. Mwonyeshe ujumbe huu.

Mwalimu_Kariokor

Ninashukuru kwa kusahihishwa. Swali langu ni moja: nani aliamua kuwa ni 6 na si 4?

Hadubini_Eastlands

Yaliamuliwa kwa majaribio, Mwalimu, na sehemu kubwa yalifanyika hapa kwetu Afrika Mashariki katika miaka ya 1970, kwa ushirikiano na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza. Kabla ya hapo matibabu yalichukua hadi miezi 18. Rifampisini ilipoingia, miezi 6 ilitosha. Walipopunguza hadi 4, wagonjwa wengi bado walipona, lakini waliorudiwa na ugonjwa waliongezeka. Na hili ndilo ningependa kijana alisikie bila kufichwa: huenda yeye ni mmoja wa wale ambao wangepona kwa miezi 4. Hakuna kipimo ninachoweza kumfanyia leo kikanionyesha kama yumo kundi hilo au lile la Zamani_Dandora. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani limekubali mpango wa miezi 4 wenye rifapentini na moksifloksasini, lakini hizo ni dawa nyingine. Siyo kukata njiani zile anazomeza.

DadaWaHuruma

Nimewaelewa. Nimerudi na habari: majibu ya usugu yametoka, na rifampisini bado inafaa. Makohozi yaliyooteshwa hayajaota kitu, ila hii ni wiki ya 3 tu. Kliniki imemhamishia kwenye vidonge vya dawa 2. Jirani yetu anasema kwamba zamani mtu mwenye slaidi kama hii aliongezewa mwezi mmoja wa dawa zote 4. Je, tudai hivyo?

Hadubini_Eastlands

Jirani hakosei, desturi hiyo ilikuwepo, na nimesikia madaktari wakibishana juu yake mpaka leo. Mimi ni mtu wa maabara, sitaamua. Mwulize daktari wa kliniki kwa nini hakumwongezea mwezi huo, na umwulize pia ni lini slaidi ya mwezi wa 5 itachukuliwa. Anayeota ni bakteria aliye hai tu, lakini kuotesha kwa chupa zenye majimaji ya lishe huchukua hadi siku 42 kabla ya kusema hakuna kilichoota, kwa hiyo wiki ya 3 ni mapema kufurahi.

DadaWaHuruma

Tutauliza Jumatatu. Leo amemeza mbele yangu, na ameniuliza mwenyewe siku ya 42 itaangukia tarehe ngapi.