Taimshiti za uongo, halafu kazi inayofuata inakadiriwa na huo uongo!!

stima_lanet: Wadau nimechoka. Niko na kontrakta wa waya hapa Nakuru, tumemaliza fleti huko Lanet. Ilikadiriwa masaa 200, ikala 290. Mimi kila jioni najaza taimshiti vile siku imeenda, Ijumaa fomani ananirudishia ati punguza ifike 200, bosi hataki kuona kazi imepita. Sasa tumepata fleti za ramani hiyo hiyo Kiamunyi, bosi akafungua faili akaona 200, akakwoti 200! Tukichelewa sisi ndio wavivu. Hizo karatasi si heri zifungiwe mandazi.

nyar_kisumo: Pole ndugu yangu. Hata huku Kisumu ovataimu hatulipwi, nenda kwa ofisa wa leba.

stima_lanet: Dada mimi ovataimu nalipwa, shida ni masaa yanafutwa kwa rekodi.

hesabu_rahisi: Si 290 gawa kwa 200 ni 1.45, zidisheni kila kitu na hiyo, kwisha.

qs_mstaafu: Kuzidisha ni afadhali kuliko hiyo 200 ya uongo, lakini si kila kitu. Stima, hiyo 290 ilienda wapi na wapi?

stima_lanet: Kuchimba ukuta na kuweka paipu tulipewa 70 ikawa 130, na kama 40 hapo ni kurudia juu fundi wa mawe alipiga plasta kabla hatujaweka masanduku ya swichi. Kuvuta waya 80 ikawa 85. Kufunga soketi na taa 50 ikawa 75, 25 tumekaa tu tukingoja mtu wa rangi amalize.

qs_mstaafu: Basi angalia. Ukizidisha na 1.45, kuvuta waya kunakuwa 116 na mlitumia 85, hiyo tenda mtanyang'anywa. Toa kurudia na kungoja, kazi yenu wenyewe ni 90, 85 na 50, jumla 225. Mlikokosea kukadiria ni kuchimba peke yake. Hayo mengine 65 yaandikwe kwa mstari wake na sababu, siku hiyo hiyo, yasichanganywe na kazi, ndio bosi apate cha kumwonyesha mwenye nyumba. Na makadirio ya kwanza yasiguswe hata kama yanaaibisha. Lakini hii ni saiti moja, Kiamunyi mkimaliza linganisheni tena kabla hamjaanza kuamini 225.

hesabu_rahisi: Sawa mzee. Lakini fundi akijua kungoja kuna mstari wake si kila uvivu utaitwa kungoja?

qs_mstaafu: Wengine watajaribu. Ndio maana nasema sababu iandikwe, na fomani asaini hapo saiti.

stima_lanet: Fomani gani mzee, huyu huyu wa kukata masaa? Bonasi yake inategemea kazi isipite makadirio!

nyar_kisumo: Eeh kumbe. Sasa bosi mwenyewe ashawahi kuona zile za kwanza kabla zikatwe?

stima_lanet: Hajawahi. Kopi ninazo kwa simu. Nikimpelekea, kwa huyo fomani sina kazi tena.