Kochi la dirishani: velveti, leza au poliesta ya kawaida?

mamapacha2
Jamani nisaidieni kabla sijalipia. Kochi letu la watu watatu liko chini ya dirisha, jua linaliwakia kwa masaa kama matano hivi kila siku, vumbi ndo usiseme, afu nina mapacha ambao kwao kochi ni meza, ni kitanda, ni uwanja wa mpira. Fundi kaleta vipande vitatu: velveti ya kijani iliyokolea, leza ya bandia ya kahawia, na poliesta iliyofumwa bila manyoya, kijivu chenye chengachenga. Moyo uko kwenye velveti. Nichukue ipi?

baba_junia
Leza, hata usiwaze. Juisi ikimwagika unafuta maisha yanaendelea.

sindano_na_uzi
Nafanya kazi ya makochi, nikwambie ninachokutana nacho. Leza nyingi za bei ya chini ni utando mwembamba wa plastiki ya PU uliobandikwa juu ya kitambaa. Jasho, unyevu na joto vinaula ule utando polepole, miaka michache tu unaanza kutoka magamba, kwanza pale mnapolaza vichwa na mikono. Na mtoto akishaona tundu moja kidole hakitoki hapo. Ile ya vinaili inadumu zaidi ila juani inapata moto na mapaja yananata.

Velveti ni nzuri lakini manyoya yake yanaficha vumbi, na vumbi lina chembe za mchanga, kila mtu akikaa zinasaga nyuzi kama msasa. Na rangi iliyokolea ikipauka huwezi kuificha.

Mimi ningechukua kijivu, ila muulize muuzaji namba mbili. Kusuguliwa (wanaandika Martindale) isiwe chini ya mara 30,000. Na kuvumilia mwanga, kipimo ni 1 mpaka 8, kwa dirisha lako nisingeshuka chini ya 6.

chaurembo
Mbona mnamtisha na jua? Dirisha lina kioo, kioo kinazuia ile mionzi, kupauka ni kwa viti vya nje tu.

sindano_na_uzi
Kinazuia sehemu tu mkuu. Mionzi mingine inapita, na hata mwanga wa kawaida tunaouona unapausha rangi. Angalia nyuma ya pazia lolote la zamani.

mzee_wa_kona
Mimi kochi langu limebonyea katikati, nikiweka kitambaa kizito litanyanyuka?

sindano_na_uzi
Hapana mzee, hilo ni sponji au mikanda ya chini, kitambaa hakibebi mtu.

chaurembo
Haya basi achukue akriliki ya viti vya nje, hiyo haipauki kabisa.

sindano_na_uzi
Hapo umepatia nusu. Ile nzuri rangi inatiwa kabla uzi haujatengenezwa, ni kama chaki ya rangi, ukiivunja ndani ni rangi ile ile, kwa hiyo jua linachelewa sana kuimaliza. Lakini nyingine zinaota vidonge pale panaposuguliwa, na mafuta yakiingia yanasumbua kutoka. Poliesta pia zipo za kutiwa rangi hivo hivo, aulizie.

mamapacha2
Muuzaji hana namba yoyote, anasema tu "ni imara".

sindano_na_uzi
Basi jipimie. Bandika vipande kwenye kioo, nusu ifunike na kadibodi, subiri wiki tatu. Afu chukua kitambaa cheupe kibichi usugue kila kipande mara ishirini uone kama kinachuja rangi.

mamapacha2
Wiki tatu zimepita wakuu. Velveti nilipotoa kadibodi kuna mstari katikati kabisa, upande mmoja kijani upande mwingine kama majani yaliyokauka, na kitambaa cheupe kilitoka kijani. Kijivu mpaka nikisogeze karibu na mlango ndo naona kivuli cha mstari. Juisi ilitoka kwa maji na sabuni kidogo, peni ya mtoto imebaki doa hafifu ambalo zile chengachenga zinalificha. Leza haijabadilika hata kidogo.

sindano_na_uzi
Leza kwa wiki tatu haitakuonyesha kitu, magamba yanataka muda. Chukua kijivu, mito aiwekee zipu na iwe ya kugeuzwa pande zote mbili, na kila wiki pitisha vakyumu kabla ya kufuta na maji, ukianza na maji vumbi linakuwa tope ndani ya nyuzi.

mamapacha2
Zipu si ndo nitoe nifue kwenye mashine?

sindano_na_uzi
Angalia lebo kwanza. Kikisinyaa kidogo tu hakirudi kwenye sponji.

baba_junia
Bado sijakubali. Leza yangu iko mwaka wa sita, haijatoka hata gamba moja.

sindano_na_uzi
Iko dirishani?

baba_junia
Hapana, iko kwenye kona ya giza, na watoto wameshahama.