Naomba ushauri: kikaoni neno langu linatoka wakati wenzangu washamaliza

Habari zenu wakuu. Nipo ofisi ya kutoa mizigo bandarini hapa Dar, tupo 8 na mimi ndo mkimya kuliko wote. Kikao ni J3 saa 3. Juzi bosi kasema malori yaitwe mapema, mi najua kibali kikichelewa tunalipia lori limekaa tu, nikasubiri pa kuingilia, wanne wakaunga mkono na hapo kusema ikawa ni kama nawapinga wote, nikanyamaza. Na lori lilikaa siku 2, imeniuma sana.

Nimegundua nikiongea ndani ya dakika 5 za mwanzo, hata swali tu la ajenda, sauti inafunguka na baadaye nachangia vizuri, ikipita robo saa basi tena. Kwa hiyo naandika sentensi moja usiku naingia nayo. Shida bosi ndo anaanza na msimamo wake, na ni mtu mzima.

Je nimfuate kabla, nimwambie "mzee, naomba kwenye malori nianze mimi", au nimuombe asikilize wote kwanza? Mliopitia hii mlisemaje?